Utando wa seli: majimaji yasiyochuruzika

«Shikamoo Mwalimu. Ninasoma kidato cha sita, mchepuo wa sayansi. Tunafundishwa kwamba utando wa seli ni mozaiki majimaji. Kama kweli ni majimaji, mbona hauchuruziki wala hauchaniki ovyo? Tena kitabu kimoja kinasema kolesteroli hukaza utando, kingine kinasema huulegeza. Kipi ni sahihi? Na protini zina kazi gani humo ikiwa mafuta ndiyo yanayotenga ndani na nje?»

Marahaba. Nitakujibu kwa kutumia utando mmoja, ule wa seli nyekundu ya damu ya binadamu. Seli hiyo ikishakomaa haina kiini wala mitokondria, kwa hiyo utando wake wa nje ndio utando pekee ilio nao. Ukiiweka katika maji yenye chumvi kidogo mno, huvimba, hupasuka, hemoglobini humwagika, na kinachobaki ni utando mtupu ambao unaweza kuuosha na kuupima bila kuchanganywa na tando nyingine. Kwa sababu hiyo, mengi tunayoyajua kuhusu muundo wa utando yalipimwa kwanza katika seli hii, na maswali yako yote matatu yanajibika hapo.

Tuanze na fosfolipidi. Molekuli moja ya fosfolipidi ina kichwa chenye fosfeti, ambacho hubeba chaji na huvutana na maji, na mikia miwili ya asidi za mafuta, kwa kawaida yenye kaboni 16 hadi 20, ambayo haina chaji na haina namna ya kushikana na maji. Molekuli za maji hushikana zenyewe kwa zenyewe kwa vifungo vya haidrojeni, na mkia wa mafuta ukiingia kati yao huzilazimisha kujipanga upya kuuzunguka, jambo ambalo halina faida kwa mfumo mzima. Hali iliyo rahisi zaidi ni mikia kukusanyika pamoja na kuyaachia maji nafasi yao, kama matone ya mafuta juu ya mchuzi yanavyoungana kuwa tone moja kubwa bila mtu kuyakoroga. Tofauti ni kwamba fosfolipidi ina kichwa kinachotaka kubaki majini, kwa hiyo haziwezi kuungana kuwa tone. Hujipanga safu mbili zinazotazamana mikia, vichwa vya safu moja vikielekea nje ya seli na vya safu ya pili vikielekea ndani. Safu hizo mbili kwa pamoja zina unene wa nanomita 5 hivi.

Hapo ndipo lilipo jibu la sehemu ya kwanza ya swali lako. Kinachoushikilia utando ni maji yaliyo pande zake zote mbili, na wala si gundi wala vifungo vya kikemia kati ya fosfolipidi moja na nyingine. Kila molekuli iko huru kupishana na jirani yake, lakini haiko huru kuondoka kwenye tabaka, kwa sababu ikitoka mikia yake italazimika kukutana na maji. Kwa hiyo utando ni majimaji kwa upana wake na si kwa kina chake. Ukitobolewa tundu dogo, kingo za tundu hilo huiacha mikia wazi mbele ya maji, na njia nyepesi ya kuondoa hali hiyo ni tundu kujifunga lenyewe. Umajimaji ule ule uliokutia wasiwasi ndio unaouwezesha utando kujiziba, kwa kuwa karatasi ngumu ikitobolewa hubaki na tundu lake.

Kwamba safu ni mbili, wazo hilo lilitolewa mwaka 1925 na Waholanzi wawili, Gorter na Grendel. Walitoa mafuta yote waliyoweza kutoka kwenye seli nyekundu za damu, wakayatandaza juu ya maji mpaka yakawa safu moja, kisha wakalinganisha eneo lake na jumla ya eneo la uso wa seli zilizotumika. Eneo la mafuta lilikuwa takriban mara mbili ya eneo la seli. Inafaa ujue kwamba walikosea mara mbili: mbinu yao haikutoa mafuta yote, na pia walikadiria eneo la seli kuwa dogo kuliko lilivyo. Makosa hayo mawili yalifutana, na hitimisho likabaki sahihi.

Sasa uone mwendo wenyewe. Mwaka 1970 Frye na Edidin waliunganisha seli ya binadamu na seli ya panya kuwa seli moja kwa msaada wa kirusi kinachoyeyusha tando pamoja. Kabla ya kuziangalia kwa hadubini walizitia kingamwili zenye rangi, rangi moja kwa protini za uso wa seli ya binadamu na nyingine kwa zile za panya. Mwanzoni nusu moja ya seli iliyoungana ilikuwa na rangi moja na nusu nyingine rangi ya pili. Baada ya dakika 40 hivi katika nyuzi 37 za Selsiasi, rangi zilikuwa zimechanganyika kwenye uso wote. Walipoipunguza nishati ya seli kwa sumu, mchanganyiko uliendelea, lakini walipoipoza chini ya nyuzi 15, ulikoma karibu kabisa. Matokeo hayo mawili ukiyasoma pamoja yanasema jambo moja: protini hazikuwa zikisukumwa na injini yoyote ya seli, bali zilikuwa zikielea katika mafuta yanayoweza kuganda. Miaka miwili baadaye, 1972, Singer na Nicolson waliyakusanya matokeo haya na mengine katika modeli ya mozaiki majimaji unayoisoma leo.

Fosfolipidi zenyewe huenda haraka zaidi ya protini. Moja huweza kusafiri kando umbali wa mikromita 2 hivi kwa sekunde moja, nayo seli nyekundu ina kipenyo cha mikromita 7 hadi 8 tu. Lakini kupinduka kutoka safu ya nje kwenda ya ndani ni jambo jingine kabisa, kwa sababu kichwa chenye chaji kingelazimika kupita katikati ya mikia. Bila msaada wa protini, tendo hilo huchukua saa nyingi au hata siku. Tofauti hii kati ya kwenda kando na kupinduka wanafunzi wengi huiruka, ingawa uhai wa seli nyekundu unaitegemea. Fosfolipidi iitwayo fosfatidilserini hukaa karibu yote katika safu ya ndani, na kuna protini zinazotumia ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, kuirudisha ndani kila inapoponyoka. Seli ikizeeka au ikiharibika, fosfatidilserini hujitokeza upande wa nje, na seli mezi za wengu na ini huitambua kama alama ya seli ya kuondolewa. Kama safu hizo mbili zingechanganyika kwa urahisi, alama hiyo isingekuwa na maana yoyote.

Nije kwenye kolesteroli, ambako vitabu vyako viwili vinapingana. Vyote viwili ni sahihi, ila kila kimoja kimetaja nusu ya sharti. Ili uone, ni lazima kwanza ujue kwamba mafuta ya utando yana joto lake la kuyeyuka. Fosfolipidi ambayo mikia yake yote miwili ni ya asidi palmitiki, yenye kaboni 16 na isiyo na kifungo maradufu hata kimoja, hubaki imeganda mpaka ifikie nyuzi 41 hivi, maana mikia iliyonyooka hulaliana vizuri. Ukiiweka asidi oleiki mahali pa palmitiki, yenye kaboni 18 na kifungo maradufu kimoja katikati, mkia hupinda hapo katikati, majirani hawawezi kubanana, na joto la kuyeyuka hushuka hadi chini ya sifuri. Utando wa kweli una mchanganyiko wa mikia iliyonyooka na iliyopinda, na kwa hiyo katika joto la mwili huwa umeyeyuka.

Kolesteroli ina sehemu tatu. Upande mmoja ina kikundi kidogo cha haidroksili, ambacho hukaa usawa wa vichwa vya fosfolipidi. Katikati ina pete nne zilizoungana kuwa bamba gumu lisilopinda, na mwisho ina mkia mfupi. Bamba hilo hulala sambamba na sehemu ya juu ya mikia ya fosfolipidi, yaani zile kaboni zilizo karibu na kichwa. Katika joto la mwili, ambapo mikia inapepesuka kila upande, bamba huizuia sehemu hiyo ya juu kupepesuka, nayo hunyooka na kusogeleana. Utando hukaza kidogo, na nafasi ambazo molekuli ndogo zingepenya hupungua. Hiyo ndiyo kauli ya kitabu chako cha kwanza. Joto likishuka, mikia ingetaka kulaliana na kuganda, lakini bamba lile lile linasimama katikati yake na kuvunja mpangilio. Utando haugandi. Hiyo ndiyo kauli ya kitabu cha pili. Kolesteroli haina kazi mbili. Ina umbo moja ambalo matokeo yake hutegemea mafuta yanayoizunguka yako katika hali gani. Ukiulizwa katika mtihani, jibu kwa kutaja joto, kisha eleza ni sehemu gani ya molekuli inayogusa sehemu gani ya mkia. Mwanafunzi anayeandika tu kwamba «kolesteroli hurekebisha umajimaji» hajaeleza chochote.

Katika seli nyekundu ya damu kolesteroli si kiungo cha pembeni, kwa kuwa kuna karibu molekuli moja ya kolesteroli kwa kila molekuli moja ya fosfolipidi. Na kwa kuwa seli hiyo haina uwezo wa kutengeneza kolesteroli, kiasi chake hutegemea kubadilishana na chembe za mafuta zilizomo katika plazma. Matokeo yake tunayaona kwa wagonjwa wenye ugonjwa mkali wa ini. Chembe za mafuta katika damu yao huwa na kolesteroli nyingi isivyo kawaida, nayo huhamia kwenye utando wa seli nyekundu bila fosfolipidi kuongezeka kwa uwiano ule ule. Utando hukakamaa, seli huota miiba isiyolingana urefu, na zinapofika kwenye wengu, ambako zinatakiwa kujipenyeza katika mianya myembamba kuliko zenyewe, hushindwa kupinda, kisha huharibiwa. Mgonjwa hupata upungufu wa damu. Fundi wa maabara huitambua miiba hiyo chini ya hadubini katika tone la damu lililopakwa kwenye kioo.

Sasa protini. Ni kweli kwamba mafuta ndiyo yanayotenga ndani na nje, lakini utenganisho mtupu ungeiua seli. Katika utando wa seli nyekundu protini huchukua takriban nusu ya uzito wote, mafuta asilimia 40 hivi, na kiasi kilichobaki ni sukari zilizoshikamana na protini na mafuta upande wa nje. Singer na Nicolson walizigawa protini makundi mawili kwa kigezo cha kimaabara, na kigezo hicho bado ndicho kinachoeleweka zaidi. Kuna zinazobanduka kirahisi, kwa kubadilisha tu kiasi cha chumvi kwenye maji ya kuoshea. Hizi zimejishikiza juu ya uso wa utando. Kuna nyingine ambazo hazitoki mpaka uuvunje utando wenyewe kwa sabuni, kwa sababu zimezama ndani ya mafuta na mara nyingi zimetokeza pande zote mbili.

Protini iliyozama hukaa humo kwa kanuni ile ile inayoyaweka mafuta mahali pake. Glikoforini A, kwa mfano, huvuka utando mara moja kwa kipande cha asidi amino 20 hivi kilichojisokota, na asidi amino hizo karibu zote ni za aina isiyopatana na maji. Urefu wa kipande hicho, nanomita 3, unalingana na unene wa eneo la mikia. Sehemu iliyo nje imejaa sukari zenye chaji hasi, na chaji hizo husukumana kati ya seli na seli, kwa hiyo seli nyekundu hazigandamani ndani ya mishipa.

Protini iitwayo bendi ya 3, ambayo kila seli ina takriban milioni moja, huvuka utando mara nyingi na kutengeneza njia ya kubadilishana ioni za bikaboneti na kloridi. Bila hiyo, seli isingeweza kushiriki ipasavyo katika kubeba kaboni dayoksaidi kutoka kwenye tishu hadi mapafuni, maana ioni yenye chaji haipiti katika mikia ya mafuta. Hata maji, ambayo huweza kupenya mafuta polepole, yana mlango wake: akwaporini, ambayo kazi yake ilithibitishwa mwaka 1992 na kundi la Peter Agre lililoipata kwanza katika seli nyekundu, na ikampatia Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 2003. Pampu ya sodiamu na potasiamu nayo hutoa ioni 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu kwa kila molekuli moja ya ATP, na hivyo kuizuia seli isijae maji.

Kundi lile jingine, la protini za usoni, ndilo linalomaliza swali lako kuhusu kuchanika. Upande wa ndani wa utando wa seli nyekundu kuna wavu wa nyuzi za spektrini, uliofungwa kwenye bendi ya 3 na protini ya kati iitwayo ankirini. Mafuta hayana umbo lake; wavu ndio unaoipa seli umbo la kisahani chenye bonde katikati na kuirudisha katika umbo hilo baada ya kubanwa. Na lipo jambo ambalo neno «majimaji» huwa linalificha: utando hupinda na kutiririka kwa urahisi, lakini hautanuki. Ukiuvuta eneo lake liongezeke kwa zaidi ya asilimia 4 hivi, hupasuka. Kwa hiyo usalama wa seli hauko katika kunyumbuka kwa ngozi yake, uko katika kuwa na ngozi ya ziada.

Tufanye hesabu. Seli ya kawaida ina ujazo wa mikromita za ujazo 90 hivi na utando wenye eneo la mikromita za mraba 140. Tufe lenye ujazo wa 90 lingehitaji eneo la 97 tu. Seli ina ziada ya zaidi ya 40, na ndiyo maana inaweza kujikunja. Ukiiweka katika maji yenye chumvi pungufu, maji huingia, kisahani huvimba mpaka kiwe tufe, na tufe lenye eneo la 140 hubeba ujazo wa 156. Zaidi ya hapo utando hauna pa kwenda. Ukichukulia kwamba sehemu mbili kwa tano za ujazo wa mwanzo ni hemoglobini na vitu vingine visivyovimba, utapata kwamba hali hiyo hufikiwa chumvi inaposhuka kutoka asilimia 0.9 ya kawaida hadi asilimia 0.4 hivi. Maabara nazo huona seli za kawaida zikipasuka kati ya asilimia 0.5 na 0.3, kwa kuwa seli hazilingani ukubwa.

Sasa mchukue mtu aliyerithi kasoro ya ankirini au ya spektrini. Mahali ambapo mafuta hayakushikwa na wavu, vipande vidogo vya utando humeguka na kupotea, huku ujazo wa ndani ukibaki karibu ule ule. Tuseme eneo limeshuka hadi 115. Tufe la eneo hilo hubeba ujazo wa 116 tu, kwa hiyo seli hiyo hufikia kikomo chumvi ikiwa bado asilimia 0.6. Seli huonekana kama vijitufe chini ya hadubini, hupasuka mapema katika kipimo cha chumvi, na wengu huziharibu kabla ya siku zao 120 za kawaida. Hakuna kilichoharibika katika mafuta yenyewe. Kilichokosekana ni mshikamano wake na protini.

Wavu huu pia unaonyesha mahali ambapo modeli ya mwaka 1972 ilihitaji kurekebishwa. Mchoro wa awali uliziacha protini nyingi zikielea huru katika bahari pana ya mafuta. Katika seli nyekundu, sehemu kubwa ya bendi ya 3 imefungwa na haiendi mbali, na ile isiyofungwa huzungukia ndani ya vyumba vilivyozungushiwa uzio wa spektrini. Protini pia zimesongamana kuliko mchoro unavyoonyesha. Nicolson mwenyewe aliandika marekebisho mwaka 2014 yaliyoongeza vizuizi hivyo. Kwa hiyo chora mozaiki yako ikiwa na protini nyingi, na usisahau wavu ulio chini yake.

Mfano mmoja wa karibu nasi unaonyesha kiasi gani protini huamua tabia ya utando mzima. Katika eneo la Kilifi, pwani ya Kenya, wako watu wenye kundi la damu liitwalo Dantu, ambalo hutokana na mabadiliko katika jeni za glikoforini, na watoto wenye Dantu hupata malaria kali kwa kiwango kidogo sana kuliko wenzao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulipima mkazo wa utando wa seli zao nyekundu ukaukuta uko juu kwa wastani, na ukaonyesha kwamba kimelea cha malaria hushindwa kuingia katika seli ambazo mkazo wake umevuka kiwango fulani, hata katika damu ya watu wasio na Dantu. Kimelea hicho, ili kiingie, ni lazima kiukunje utando na kujifunika nao, na utando uliokazwa hukataa kukunjika.